Mtoto wa Kilo Kumi Hafai kwa Mtihani

Msichana aliyekuja kwenye dirisha la duka letu la dawa asubuhi ile alitaka siringi ya mililita mbili. Nilikuwa mfamasia wa hospitali moja hapa Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, na mchana nilifundisha hesabu za dozi katika shule ya uuguzi upande wa Shituru. Msichana huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, yuko kwenye mazoezi katika wodi ya wazazi. Sare yake ilikuwa nyeupe kama ya siku ya kwanza, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe.

"Mama, nipe siringi ya mililita mbili," alisema. "Ni ya mutoto wa ku maternité."

Ningeweza kumpa tu. Siringi za mililita mbili zilikuwa pale karibu na mkono wangu. Lakini neno "mutoto" lilinishika.

"Unaenda kumupa dawa gani?"

"Jentamisini."

"Iko na kilo ngapi?"

"Kilo mbili, Mama. Alizaliwa jana."

"Na docta aliandika ngapi?"

"Miligramu tatu kwa kilo moja, mara moja kwa siku."

Ampuli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miligramu themanini katika mililita mbili, maana yake miligramu arobaini katika kila mililita. Kilo mbili mara tatu ni miligramu sita. Sita gawanya kwa arobaini ni 0,15. Mtoto yule alihitaji tone dogo tu la dawa, kiasi kinachopimwa kwa siringi ya mililita moja, ile nyembamba yenye mistari midogo.

Nikamwuliza amepata mililita ngapi. Alinionyesha kiganja chake alichoandika kwa kalamu: 1,5 ml.

Mkato wa desimali ulikuwa umeruka nafasi moja. Mtoto wa kilo mbili alikuwa anaelekea kuchomwa miligramu sitini badala ya sita, za dawa ambayo ikizidi huharibu masikio na figo. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba kosa lile lilikuwa na adabu. Ampuli ni ya mililita mbili; moja na nusu inatoka humo bila tabu. Siringi ya mililita mbili ipo. Kama hesabu yake ingedai ampuli kumi, yeye mwenyewe angeshtuka. Lakini kosa hili liliingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu.

Sikumfokea. Nilimkaribisha ndani, tukarudia hesabu pamoja juu ya katoni ya serumu, maji ya dripu. Alipofika kwenye 0,15 aliweka kalamu chini akanitazama.

"Mama, minye nalikuwa wa pili mu kalasi," alisema taratibu. "Mu mtihani wa dozi sikukosa hata swali moja."

Ilikuwa kweli. Nikampa siringi ya mililita moja, akaenda kumhudumia mtoto, nami nikabaki na maneno yake.

Mchana ule nilitoa mtihani wetu kabatini nikausoma kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Maswali yale tuliyarithi. Kila mwalimu aliyekuja aliyakuta na akayanakili, akibadilisha labda jina la dawa. Kidonge kina miligramu mia tano, mgonjwa anahitaji miligramu elfu moja, apewe vidonge vingapi? Dawa ina miligramu kumi katika mililita moja, mgonjwa anahitaji ishirini, achomwe mililita ngapi? Jibu lilikuwa mbili, au nne, au moja. Hakukuwa na jibu lenye mkato hata moja. Hakukuwa na gramu iliyopaswa kugeuzwa kuwa miligramu, wala mikrogramu, wala saa iliyopaswa kugeuzwa kuwa dakika. Msichana yule hakukosa hata swali moja kwa sababu hakuna swali lililomwuliza kitu ambacho wodi ingemwuliza.

Nikaenda kwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Mimi humwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa amenitangulia kazini kwa miaka mingi, na kwa kuwa hana subira na vyeo. Ni mwanamke mrefu, mwimbaji wa kwaya katika kanisa moja la kilokole huko Kikula. Nilimweleza habari ya siringi. Hakushangaa hata kidogo.

"Aba batoto banajua hesabu," alisema. "Hawajui maandishi ya ku chupa. Weye unawapa namba safi, siye tunawapa chupa."

"Basi nipe chupa," nikamwambia.

Tangu siku hiyo wodi nzima ilinitunzia maboksi matupu, lebo, na karatasi zile nyembamba zinazokunjwa ndani ya boksi ambazo hakuna anayezisoma. Jumamosi tulikaa mimi na Yaya nyumbani kwangu, katika nyumba ya matofali ya kampuni ambayo baba yangu alipewa alipokuwa anafanya kazi kiwandani, tukazitandaza mezani. Kila swali nililoandika lilitoka kwenye boksi halisi. Sharubati ya parasetamoli haikusema miligramu kwa mililita moja. Ilisema miligramu 120 katika mililita tano. Basi na swali langu likasema hivyo hivyo. Ampisilini ilikuwa unga, gramu moja ndani ya kichupa, na daktari huandika miligramu. Digoksini ilikuwa kidonge cha miligramu 0,25, na daktari wetu mmoja alizoea kuandika mikrogramu 125.

Lakini kuandika swali gumu si kazi. Mtu yeyote anaweza kumkosesha mwanafunzi. Nilitaka swali ambalo mwanafunzi akikosa, jibu lake liniambie amekosea wapi, kama nyayo zinavyosema ni nani aliyepita. Kwa hiyo kila swali nililifanya mara nyingi: mara moja sawasawa, na mara nyingine kwa kukosea makusudi.

Chukua ile digoksini. Mikrogramu 125 ni miligramu 0,125, gawanya kwa 0,25, jibu ni nusu kidonge. Mwanafunzi asiyegeuza kabisa atapata vidonge mia tano, na huyo atajishtukia mwenyewe. Lakini anayedhani kwamba miligramu moja ina mikrogramu mia moja badala ya elfu atapata vidonge vitano. Vitano vinaingia kiganjani na vinamezeka kwa glasi moja ya maji. Pembeni ya swali hilo, kwenye mwongozo wangu wa kusahihisha, niliandika: 0,5 sawa, 500 hakugeuza, 5 amegeuza kwa mia. Yaya alisoma akaguna. "Huyu wa vitano njo anaua," alisema; "njo" yetu huku ni "ndiyo".

Siku ya jaribio la kwanza umeme ulikatika. Mitambo ya umeme ya Koni iko jirani, lakini ujirani huo haumsaidii mtu mwenye mashine ya kunakili. Nikaandika maswali ubaoni kwa chaki. Mwanafunzi wa nyuma akainua mkono akauliza kama ile alama baada ya sifuri ni mkato au vumbi. Darasa likacheka, mimi sikucheka. Nilisoma kila namba kwa sauti, sifuri mkato mbili tano, na nikaweka sheria iliyodumu mpaka leo: hakuna kuandika ",5" peke yake, lazima sifuri itangulie, na hakuna kuandika "5,0", kwa maana mkato ukifutika mtu atasoma hamsini.

Matokeo yalikuwa maafa. Darasa karibu zima lilianguka, na wale niliowategemea walianguka pamoja na wengine. Msichana wa siringi alipata maswali ya mwanzo, akateleza kwenye mikrogramu: vidonge vitano.

Habari ikatembea Shituru haraka kuliko treni yetu, jambo ambalo kwa kweli si gumu. Mkurugenzi wa shule akaniita. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kufunga tai hata kwenye joto la Oktoba, na alikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Mama, miezi si mingi jopo la watahini linakuja," alisema. "Ukiwapeleka na maswali haya, utaniangusha kalasi nzima. Wazazi wameanza kuja. Wanasema ni maswali ya mtego."

"Mtego uko ku chupa, Papa, siyo ku swali," nilimjibu. "Mimi nimenakili chupa tu."

"Minye nakuelewa. Lakini wazazi?"

Mzazi mmoja alikuwa tayari anangoja nje. Alikuwa baba wa msichana wa siringi, mnunuzi wa madini huko Kamatanda, mtu mkubwa mwenye vumbi jekundu kwenye viatu. Aliingia akasalimia kwa heshima, kisha akasema alichokuja kusema: binti yake alikuwa wa pili, na sasa anaambiwa hajui. Kosa la mkato mmoja tu linamnyimaje alama zote?

Nikamwuliza kazi yake inaendaje. Alishangaa, lakini alinijibu. Nikamwuliza tena: kama maabara ikisema madini yako yana shaba asilimia 2,5, na mtu akaandika 25, hilo ni kosa dogo la mkato?

Akatazama viatu vyake.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hiyo ni madini ingine kabisa."

"Na hii ni dawa ingine kabisa, Papa."

Nilimweleza habari ya miligramu sita na miligramu sitini, bila kumtaja binti yake. Nadhani alielewa mwenyewe, kwa maana alivua kofia. Alipoondoka alimwambia mkurugenzi maneno ambayo sikuyatarajia: "Mwache afundishe." Mkurugenzi akalegeza tai, akanipa ruhusa ya jaribio la pili kabla ya jopo kuja. Wakianguka tena, tungerudi kwenye maswali ya zamani. Nilikubali.

Nilirudisha karatasi za jaribio la kwanza bila alama juu yake. Pembeni ya kila jibu lililokosewa niliandika neno moja tu: mkato, au kipimo, au uzito, au saa. Wanafunzi walikuwa wamezoea kutafuta namba nyekundu juu ya karatasi. Walipoikosa ikawabidi wasome ndani. Kisha nikamwomba kila mmoja aniambie ni neno gani limemrudia zaidi. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho alama zisingenionyesha kamwe. Hawakuwa wajinga wa kuzidisha wala kugawanya. Nusu ya darasa ilikuwa na ugonjwa mmoja, kipimo, na karibu wote waliougua walikuwa wamekariri ngazi ya vipimo tangu utotoni, kilo, hekto, deka, wakiruka ngazi moja moja kwa kumi. Walipofika kwenye miligramu wakabahatisha ngazi mbili, wasijue kwamba kutoka hapo mpaka mikrogramu kuna ngazi tatu, mbili za kati zikiwa hazina majina. Nilichora ngazi hiyo ubaoni na mapengo yake. Mtu akasema "kumbe" kutoka nyuma, na hiyo "kumbe" ikapita darasa zima kama upepo.

Lakini swali moja lilinishinda. Lilikuwa la parasetamoli: mtoto wa kilo kumi, miligramu kumi na tano kwa kilo, sharubati ya 120 katika mililita tano. Jibu ni miligramu 150, ambazo ni mililita 6,25. Karatasi kadhaa ziliandika 0,625, nami niliandika "mkato" kwenye zote bila kufikiri. Yaya ndiye aliyekuwa ananisaidia kusoma Jumamosi ile, kabla sijazirudisha, akaishika karatasi moja akaiangalia sana.

"Huyu alisogeza virgili," alisema, akimaanisha mkato, "ao alisahau kuzidisha na kilo?"

Nikafanya hesabu. Mwanafunzi anayesahau uzito hupata miligramu kumi na tano, ambazo ni mililita 0,625. Mwanafunzi anayeteleza mkato hupata 0,625 hiyo hiyo. Kwa sababu mtoto wangu alikuwa na kilo kumi kamili, nyayo mbili zilikuwa zimekanyaga mahali pamoja, na mimi nilikuwa nawatibu watu malaria kwa dawa ya minyoo.

"Huyu mutoto ongeza kilo," Yaya alisema. "Anakula vizuri."

Tukampa kilo kumi na mbili. Sasa jibu sahihi ni mililita 7,5. Aliyeteleza mkato anapata 0,75 au 75. Aliyesahau uzito anapata 0,625. Aliyeona 120 akasahau zile mililita tano anapata 1,5. Kila kosa limepata mlango wake. Nilicheka peke yangu mezani, na Yaya akaniuliza kama niko sawa. Tangu siku ile hakuna mtoto wa kilo kumi, wala wa kilo moja, katika mtihani wangu wowote, na ampuli za miligramu kumi kwa mililita ninazitazama mara mbili kabla ya kuziruhusu kuingia.

Somo jingine nililipata kwa kijana mmoja wa darasa hilo, mchekeshaji, mwana wa dereva wa treni. Swali lilikuwa la ampisilini: kichupa cha gramu moja kimechanganywa kikawa mililita kumi, mtoto wa kilo sita, miligramu hamsini kwa kilo. Miligramu mia tatu, kwa hiyo mililita tatu. Aliandika mililita tatu. Nilikuwa nimeshaweka alama ya kukubali, kisha macho yakashuka kwenye mstari wake wa juu: gramu moja ni sawa na miligramu mia moja.

Nilimwita.

"Kama gramu ni miligramu mia, kila mililita iko na kumi tu," nikamwambia. "Mia tatu gawanya kwa kumi ni ngapi?"

"Thelathini, Mama."

"Sasa tatu imetoka wapi?"

Alijikuna shingo. "Naliona kichupa kiko na mililita kumi tu. Thelathini haiingii. Njo nalisogeza virgili mpaka iingie."

Darasa liliangua kicheko, naye akacheka pia. Lakini nilimshukuru, na nilimaanisha. Alikuwa amenionyesha kwamba jibu sahihi linaweza kuzaliwa na makosa mawili yanayofichana, na kwamba msahihishaji anayetazama mstari wa mwisho tu atampa alama zote muuguzi ambaye kesho, kwenye kichupa kikubwa zaidi, atachoma ile thelathini kwa sababu itaingia. Kuanzia hapo karatasi ya jibu ikawa na sehemu tatu, kila moja na alama zake: kwanza geuza vipimo, pili andika dawa iliyomo katika mililita moja, tatu andika jibu pamoja na kipimo chake. Namba bila kipimo haikupata kitu. "Tatu" si jibu, tatu nini? Siku za mwanzo walinung'unika. Baadaye wakaanza kuulizana wenyewe uani. Mmoja akisema amenunua mbili, mwenzake anamwuliza: mbili nini, mikate ao mikrogramu?

Jaribio la pili lilifanyika siku yenye umeme, kwenye karatasi safi. Nilisahihisha nikiwa nimekaa barazani, na nilipofika karatasi ya tano nilisimama, kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa. Ngazi zote zilikuwa na mapengo yake. Sifuri zilikuwa mbele ya mikato. Mchekeshaji wetu aligeuza gramu kuwa elfu na akachora uso unaocheka pembeni. Mkurugenzi aliposikia alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha jopo likaja. Mwenyekiti wake alikuwa daktari wa watoto kutoka mji mwingine, mwenye nywele za mvi zilizokatwa chini kabisa na sauti ya mtu asiyerudia maneno. Alisoma kwa muda mrefu karatasi za mtihani wa mwisho, ambao nilikuwa nimeutunga kwa njia ile ile. Alipomaliza alituita, mimi na mkurugenzi, katika chumba cha walimu.

"Haya maswali ni magumu," alisema. "Shule ingine nilikopita, maswali rahisi kuliko haya yaliwaangusha wanafunzi. Hapa hakuna aliyeanguka. Mama, nikuulize bila kukuficha: wanafunzi waliyaona maswali mapema?"

Mkurugenzi alianza kusema, lakini nilimtangulia.

"Hapana, Docta. Lakini usiamini mdomo wangu. Chukua chupa yoyote ku hospitali, uwaulize weye mwenyewe."

Alinitazama, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Njo vile nalitaka kusikia."

Akatuma dawa ziletwe. Wanafunzi wakaitwa darasani tena, na jopo likakaa mbele. Mimi niliwekwa nyuma, kwenye dawati la mwisho, ili nisimpe mtu ishara hata kwa nyusi. Mtu wa kwanza ambaye daktari alimchagua alikuwa msichana wa siringi. Alitembea mpaka mbele, sare yake imepigwa pasi kama siku ile.

Daktari aliinua ampuli. "Adrenalini. Miligramu moja katika mililita moja. Mtoto wa kilo nane. Nataka kumi kwa kilo. Utampa ngapi?"

Msichana alichukua chaki. Akaandika 8, akaandika 10, kisha akaacha kuandika. Nikasikia mashine za kiwanda kwa mbali. Nilidhani amesahau. Akageuka.

"Docta, samahani. Kumi ya nini?"

"Weye unafikiri ni ya nini?"

"Siwezi kufikiri, Docta. Kama ni miligramu, mtoto anahitaji miligramu themanini, ni ampuli themanini. Hiyo haiwezekani. Kama ni mikrogramu, ni themanini, ni miligramu 0,08, ni mililita 0,08." Akashusha chaki. "Lakini naomba weye useme. Siyo minye nikuchagulie."

Daktari aliweka ampuli mezani polepole. Alikuwa ameacha kipimo makusudi. Niliona usoni mwake, jinsi mvuvi anavyoonekana samaki anapogusa uzi.

"Mikrogramu," alisema. "Endelea."

"Basi 0,08 ni ndogo sana, mkono unaweza kukosea. Nitachukua hii mililita moja, niongeze tisa za maji ya chumvi, zikuwe kumi. Kila mililita itabaki na miligramu 0,1. Nitampa mililita 0,8."

Aliandika yote ubaoni, kipimo nyuma ya kila namba, sifuri mbele ya kila mkato, na mikato yake aliichora mirefu kama mikia ya paka, ili hata mimi wa nyuma niione.

Daktari akaita mwingine, na mwingine. Alibadilisha kilo, akabadilisha chupa, akamwuliza mchekeshaji serumu ya mililita mia tano kwa saa nne, matone ishirini kwa mililita. Mchekeshaji aligeuza saa kuwa dakika mia mbili na arobaini kabla hajagusa kitu kingine, akapata matone arobaini na mawili kwa dakika, kisha akaongeza kwamba asipogeuza saa atapata matone elfu mbili na mia tano kwa dakika, "na hayo siyo matone, Docta, ni mvua." Jopo zima lilicheka. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa juu ya dawati, kwa maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtu ayaone.

Mwenyekiti alisimama. Aliwaambia wanafunzi kwamba alikuwa amewashuku, na kwamba anafurahi amekosea. Kisha akasema mbele ya wote kwamba muuguzi anayejua kuuliza "kumi ya nini" anaweza kuja kufanya kazi katika wodi yake siku yoyote. Baadaye, mlangoni, aliniomba maswali pamoja na mwongozo wa kusahihisha, ule wenye nyayo za makosa pembeni, ili ayapeleke shule nyingine anazozizungukia. Nilimwambia sharti moja: kila shule itumie maboksi ya hospitali yake yenyewe. Alikubali.

Matokeo yalipotangazwa, poda ilimwagwa kama tunavyofanya huku mtu akifaulu. Wanafunzi walitoka langoni weupe kuanzia nywele mpaka kope, filimbi midomoni, wakaelekea barabara ya reli wakiimba, na watoto wa mtaa wakawafuata. Yaya alitoka kazini bado na sare, akaanzisha wimbo wa kwaya yake kwa sauti ile inayojaza kanisa, na wanafunzi, wengi wao Wakatoliki, wakaufuata kana kwamba ni wimbo wa kwao. Yule mnunuzi wa madini alikuja na binti yake begani kama mtoto mdogo, ingawa msichana alikuwa analalamika kwa aibu.

"Mama," aliniambia huku anahema, "huyu sasa ananirekebisha hata minye ku mizani. Nikisema tano, ananiuliza tano nini."

Msichana alishuka akanijia na kopo la poda. Nilifikiri ataninyunyizia kidogo tu kwa heshima, mimi mwalimu wake. Alinimwagia kopo zima. Mkurugenzi, ambaye sikuwahi kumwona bila tai, alikuwa ameivua na kuifunga kichwani, anacheza katikati ya wazazi na mabega meupe. Nilitembea nao mpaka mwisho wa barabara, nywele zangu zikinukia poda ya watoto, nikiitikia wimbo ambao maneno yake nusu sikuyajua.